Mtu akisema hana lazima ya kitu, mgeni aombe njia

Katika kata ya Mugunga, magharibi ya mji wa Goma, mama mmoja aliyetoka Kitchanga anaishi na watoto wake wanne kwenye chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Jioni moja mjumbe wa kanisa la pale alipita kumjulia hali. Alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa kiti cha plastiki. Mama mwenyewe alikaa juu ya bidoni ya lita 20 iliyolazwa ubavu. Salamu zikaenda kama kawaida.

"Jambo, mama."

"Jambo sana, baba."

"Habari ya hapa?"

"Ni muzuri."

"Na batoto je?"

"Bako. Bamoja balienda kuchota maji."

"Sasa, mama, muko na lazima ya nini?"

"Hapana, baba. Sina lazima ya kitu. Tuko muzuri."

Mpaka pale mambo yalikuwa bado hayajaharibika. Yaliharibika kwa yale yaliyofuata. "Kweli, mama? Hata kitu kidogo?" Hapana, baba. "Hata sabuni?" Hapana. "Usisikie haya, sema tu." Tuko muzuri, baba. Mjumbe akatupa macho kwenye chungu, kwenye godoro lililosimamishwa ukutani, kwenye bashi iliyoziba tundu la bati. Kisha akafungua daftari, akasema ataandika kama hapa hakuna lazima, akasimama, akatoka. Mama alibaki amekaa palepale juu ya bidoni yake. Hakumsindikiza.

Anayeijua Kivu anaelewa maana ya kitendo hicho cha mwisho. Huku kwetu mgeni hatoki peke yake. Hata mwenye nyumba aliyechoka atainuka, atavaa sandali zake, atatembea na mgeni mpaka kwenye barabara. Mwenye nyumba akibaki kwenye kiti wakati mgeni anaondoka, kuna kitu kimevunjika katikati yao, hata kama hakuna aliyepandisha sauti.

Mjumbe yule hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwa miguu juu ya mawe ya volkano, saa ambazo wengine wako nyumbani wakipumzika, na pengine alirudi akijiuliza kwa nini wageni wa siku hizi wako wagumu. Lakini kosa lilikuwa lake, nalo ni kosa ambalo linarudiwa kila siku katika avenyu za mji huu, kwa sababu watu wengi wanajua kuanza salamu na wachache wanajua kuimaliza pale ambapo mtu anasema hana shida.

Salamu yenyewe inafundisha mengi, kama mtu anaisikiliza. Mkaaji wa Goma, wa Bukavu ao wa Butembo akiulizwa habari, anajibu "muzuri" kwanza. Hata aliyetoka kuzika anajibu "muzuri", kisha anavuta pumzi na kusema, "lakini tuko na kilio." Hakuna anayemwita mwongo. "Muzuri" ya kwanza ni heshima kwa aliyeuliza: inamwambia kama amepokelewa, na kama hatatupiwa mzigo kabla hajakaa. Shida, ikiwepo, inakuja nyuma, taratibu, na wakati ambao mwenye shida anauchagua mwenyewe.

"Sina lazima ya kitu" ni ndugu wa "muzuri" ile. Basi mgeni anaweza kuikosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuichukua kama hesabu ya kuandikwa kwenye daftari: nyumba hii, sifuri. Ya pili ni kuichukua kama uongo unaopaswa kuvunjwa kwa maswali. Mjumbe wa Mugunga alifanya yote mawili ndani ya dakika tano. Yeyote anayesema maneno hayo amefunga mlango wa jambo moja kwa siku ile. Hajafunga mlango wa nyumba. Mgeni mwenye akili anaacha mlango ule ulivyofungwa, na anaendelea kukaa kwenye nyumba.

Kwa nini mtu aliyelala na njaa aseme hana lazima ya kitu? Wengi wanajibu haraka kwamba ni haya, ao ni kiburi. Majibu hayo ni mepesi mno. Katika chumba kile cha Mugunga kuna sababu iliyo karibu zaidi: shemeji alikuwa uani, hatua nne kutoka mlangoni, akichambua sombe. Alisikia kila neno. Kama mama angesema hana chakula, angekuwa amemwambia mgeni, mbele ya mwenye nyumba, kwamba nyumba hii haimlishi. Kama angesema hana blanketi, ingekuwa vilevile. Familia inayopokea wahami inagawa bugali yake, choo chake, maji yake, kwa miezi na wakati mwingine kwa miaka. Mgeni wa nje akija na kumlazimisha anayepokelewa kuhesabu anachokosa, anamsukuma kumsengenya anayemlisha. Mama alikataa mara nne. Kila mara alikuwa anamlinda shemeji yake.

Sababu nyingine inatoka kwenye daftari. Watu waliopita kwenye kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo ao Kanyaruchinya wamehesabiwa mara nyingi kuliko wanavyoweza kukumbuka. Jina, idadi ya watoto, kijiji cha asili, nambari ya simu, jetoni mkononi, kisha kungoja. Mwezi wa Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, kambi zile zilivunjwa ndani ya siku chache. Wengine walipanda barabara ya Sake kurudi Masisi, wengine walirudi Rutshuru, wengine waliingia kwa ndugu ndani ya mji. Baada ya hayo yote, mtu asiyejulikana anayefungua daftari na kuuliza "muko na lazima ya nini" hasikiki tena kama jirani. Anasikika kama mwanzo wa orodha nyingine, na hakuna anayejua orodha inalala wapi usiku.

Na kuna sababu ya tatu, ambayo wagenda-salamu wanaisahau kabisa: labda ni kweli. Labda leo watoto wamekula, kichwa hakiumi, mvua haikuingia ndani, na mama yuko muzuri. Mhami ana siku nzuri kama watu wote. Kumfanya atafute shida ya kumtolea mgeni ni kumnyang'anya siku ile.

Basi salamu imalizwe namna gani?

Kwanza, jibu lipokelewe mara moja na kwa shukrani, bila "kweli?" na bila "hata?". "Aksanti, mama. Ni furaha kusikia vile." Inatosha. Neno "kweli" pale linaonekana dogo, lakini linamwambia mtu kwamba hasadikiwi ndani ya chumba chake mwenyewe. "Usisikie haya" ni baya zaidi, kwa sababu linamtajia haya ambayo labda hakuwa nayo. Na "wengine wanaomba, wewe unakataa", ambalo nalo linasikika, linastahili mtu asisindikizwe hata hatua moja.

Kisha, mgeni asisimame palepale. Hapa ndipo hata wenye moyo mzuri wanakosea. Wanasikia hakuna shida, wanafurahi kazi imekwisha, wanainuka. Lakini anayesimama mara tu baada ya "sina lazima ya kitu" anaonyesha kama alikuja kwa ajili ya shida, siyo kwa ajili ya mtu, na kwa kuwa shida haipo, mtu naye amekwisha. Mazungumzo yarudi kwenye mambo ambayo hayana lazima ndani yake. Maharagwe ya Kitchanga yanapandwa wakati gani? Hapa kwetu wanachelewa. Mtoto huyu wa mwisho anaitwa nani? Mvua ya jana ilipiga sana upande wa Keshero, je, huku? Majibu mawili, matatu yanatosha. Anayeulizwa habari ya shamba lake anarudi kuwa mlimaji kwa muda ule, na mlimaji wa Masisi ana mengi ya kumfundisha mtu wa mji.

Anayepewa kitu apokee. Hili wengi hawalipendi. Mama asiye na lazima ya kitu anaweza kuleta kikombe cha maji, ao kipande cha kiazi kitamu kilichochomwa, na mgeni anaona aibu kula chakula cha mhami. Ale. Hata kama ni kidogo sana, aonje, ashukuru, na kingine akiache kwa watoto. Kwa kikombe kile mama anarudi mahali pake pa mwenye nyumba anayepokea wageni, kama alivyokuwa kule alikotoka. Mgeni anayekataa maji na kung'ang'ania kutoa sabuni anataka kutoa peke yake, na kutoa kwa namna hiyo kunafanana na kutawala.

Kuna wanaoona kwamba dawa ni kuacha noti ya franka elfu moja mkononi wakati wa kuagana, bila kusema neno. Desturi hiyo iko, na kwa wagonjwa na kwenye kilio ni nzuri. Lakini kwa mtu aliyesema sasa hivi kwamba hana lazima ya kitu, noti ile inajibu neno lake kwa kulipuuza. Kumpa mtoto ampelekee mama yake ni vibaya zaidi tena, kwa sababu mama hawezi kuirudisha bila kumfanya mtoto atembee aibu ya watu wawili. Mwenye kutaka kutoa anaweza kungoja. Siku itakuja, ama ya ugonjwa, ama ya kuzaliwa kwa mtoto, ambapo kutoa hakuhitaji kuulizwa.

Sasa kuomba njia. Kwa Kiswahili cha huku mgeni haondoki, anaomba njia, na mwenye nyumba ndiye anayeitoa. "Basi, mama, munipatie njia." Mwenye nyumba karibu kila mara atajibu, "Mbona mapema vile?" Mgeni mzuri anakaa tena kidogo, anaongeza neno moja, kisha anaomba mara ya pili, na sasa anasimama kweli. Kuomba huku mara mbili si kupoteza wakati. Kunampa mwenye nyumba nafasi ya kumshika mgeni kama ana neno, na ya kumwachilia kama hana.

Na akiwa njiani kutoka, mgeni anaweza kusema anapokaa, lakini kama habari, siyo kama ahadi. "Mimi ninakaa pale nyuma ya kinu, kwenye mlango wa buluu. Asubuhi ninakuwaga pale." Hapo akome. Asiongeze "ukikosa kitu kuja", kwa sababu maneno hayo yanafungua tena mlango uliofungwa kwa heshima. Na asiseme "nitarudi" kama hajui kama atarudi. Wahami wamekwisha kusikia "tutarudi" kutoka kwa watu wenye magari makubwa.

Kisha inakuja sehemu ambayo ni moyo wa jambo lote: kusindikiza.

Ndani ya chumba kuna masikio. Kuna shemeji, kuna watoto, kuna jirani nyuma ya ukuta wa mbao unaopitisha hata kikohozi. Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni hatua hamsini, pengine mia, na kwenye hatua zile watu wawili wako peke yao kwa mara ya kwanza. Wazee wanajua kwamba neno la kweli la matembezi linasemwa pale, siyo kwenye kiti. Mtu aliyesema "tuko muzuri" kwa nusu saa anaweza kusimama karibu na rundo la mawe, akatazama upande mwingine, na kusema, "Lakini mutoto mukubwa hasomi." Ao hasemi kitu. Vyote viwili ni sawa.

Kwa hiyo mgeni atembee polepole. Simu ikae mfukoni. Asijaze kimya kwa maneno yake, na asiulize swali jipya, maana swali pale njiani linageuza kusindikiza kuwa ule msako wa chumbani. Anayetaka kusema anahitaji kimya kidogo tu ili aanze. Mgeni anayekimbia kwa sababu ameambiwa hakuna shida, na mgeni anayebana kwa maswali, wote wawili wanapoteza hatua hizi mia moja: wa kwanza hazingoji, wa pili hapewi.

Ni kazi ya mgeni kusema mwisho wa njia uko wapi. Mwenye nyumba kwa adabu ataendelea kutembea mpaka arudishwe. "Rudia hapa, mama, giza inaingia." Mjini Goma hili ni jambo la usalama pia. Baada ya saa kumi na mbili ya jioni mama asivutwe mbali na mlango wake kwa ajili ya heshima. Kama jioni imefika, kusindikizana kuishie kwenye kona ya kwanza. Kisha "mubakie muzuri", naye anajibu "muende muzuri", na kila mmoja anageuka. Kwa mkono, wengi tangu mpox ienee huku mwaka 2024 walizoea kuweka kiganja kifuani badala ya kushikana, na hakuna anayekasirika tena. Kiganja kifuani kinaaga vizuri.

Mtu atapinga, na ana haki ya kupinga: kwa adabu zote hizi, je, watu hawatakufa na njaa kimya kimya huku wageni wanaomba njia? Pingamizi hili ni zito, maana haya imekwisha kuua watu. Jibu lake liko kwenye kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Kumuuliza mtu anachokosa ni jambo moja, kumpa habari ni jambo lingine. Habari ya kufaa wote inasemwa kwa wote, katikati ya mazungumzo, kama mtu anavyosema habari ya mvua: kwamba kituo cha afya kinachanja watoto siku fulani, kwamba bomba la pale kwenye kona linatoa maji kabla ya saa mbili, kwamba shule fulani inapokea watoto waliokatisha mwaka. Hakuna anayelazimika kukiri shida ili asikie. Anayehitaji atashika, asiyehitaji atampelekea mwingine.

Na kuna hali ambazo macho yanashinda maneno. Mtoto mwenye miguu yote miwili iliyovimba, uso umejaa kama amelala vibaya, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, mtoto huyo hana siku za kungoja mpaka mama yake azoee wageni. Wajumbe wa afya wanafundisha namna ya kuhakikisha: dole gumba linabonyezwa juu ya kila mguu kwa sekunde tatu, na kishimo kikibaki baada ya kuondoa dole, ule ni uvimbe wa utapiamlo, mtoto apelekwe kituo cha afya siku ileile. Vilevile mtu anayeharisha maji kama ya mchele, macho yakaingia ndani. Hapo "sina lazima ya kitu" haimzuii mgeni kusema. Lakini hata hapo asiulize, kwa sababu swali litajibiwa hapana. Aseme alichokiona na mahali pa kwenda: "Mama, ninaona miguu ya huyu mutoto imevimba. Hii inatibiwa pale kituoni. Twende pamoja sasa." Aseme kwa sauti ya chini, kwa mama mwenyewe, wala asimtangazie shemeji uani. Nje ya hali kama hizo, chungu kitupu na bati lenye tundu si ruhusa ya kuendelea kubisha. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ina bati lenye tundu.

Kwa simu mambo yanabanwa zaidi. Ndugu aliye Goma anapiga kwa jamaa waliorudi upande wa Masisi, network inapatikana juu ya kilima tu, na yule wa kule amepanda kilima ili ajibu. "Tuko muzuri, hatuna lazima ya kitu." Hapo hakuna hatua mia za kusindikizana, na mara nyingi kuna watu wamesimama karibu wakisikiliza. Anayepiga asibane hata kidogo, maana hajui nani yuko kando ya simu. Apokee, asalimie kila jina la nyumba, amalize mwenyewe kabla mayuniti hayajakata, maana simu iliyokatika katikati inamwacha mtu juu ya kilima akingoja. Na aseme siku ambayo atapiga tena, kama ana hakika nayo. Siku hiyo ndiyo kusindikiza kwa simu. Yule wa kule anajua sasa kwamba kuna Jumatano nyingine ya kusema, na kama ana neno, atatafuta namna ya kuwa peke yake.

Turudi Mugunga. Wiki ileile, jirani mmoja, muuzaji wa makala, alipita kwa mama yule wa Kitchanga. Hakuwa na daftari. Alisalimia, akamsalimia na shemeji kwanza, jambo ambalo mjumbe alilisahau, akakaa. Aliambiwa yaleyale: tuko muzuri, hatuna lazima ya kitu. "Aksanti, mama," akasema, na akaulizia ile barabara ya kutoka Kitchanga, kama chukudu bado zinashuka na viazi. Wakacheka kidogo juu ya chukudu moja na mwenyewe aliyeshindwa kuifunga breki. Akanywa maji. Akaomba njia, akaambiwa mbona mapema, akakaa, akaomba tena.

Mama alimsindikiza mpaka kwenye rundo la mawe. Hakusema kitu. Wakaagana.

Jirani alirudi siku nne nyuma, kwa sababu njia yake ya sokoni inapita pale. Maneno yalikuwa yaleyale, maji yaleyale, mawe yaleyale, na mama hakusema kitu tena. Mwingine angechoka, ao angeanza kuuliza.

Mara ya tatu walikuwa wamekwisha kupita mawe, na jirani alikuwa amekwisha kusema "rudia hapa, mama." Mama hakugeuka. Alitazama gunia la makala kichwani mwa yule mwenzake, akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, gunia zima linanunuliwa bei gani, na kama anayeanza na nusu gunia anaweza kupewa mahali pa kukaa kwenye ile soko.

Jirani akateremsha gunia chini ili wazungumze vizuri.